Mishe, deiwaka, winga na mali kauli: binamu yako alikuwa anakuambia nini

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina wiki mbili Dar, nimetoka Newala, nimefikia kwa binamu yangu Mbagala. Ananipenda ila Kiswahili chake sikipati. Juzi usiku kaniambia hivi: 'Bina, nimekuchongea mishe mbili. Moja ni deiwaka ya boda, ukishatoa hesabu kinachobaki chako. Nyingine ni uwinga Kariakoo, unaishi na cha juu. Ukikomaa unapewa mpaka mali kauli. Ila changamka, hapa mjini ukizubaa unapigwa.' Niliitikia tu, naona aibu kuuliza neno moja moja. Naomba unifafanulie, na uniambie wewe ungeshika ipi."

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usione aibu. Mimi nilitokea Masasi nikiwa na begi moja na mfuko wa korosho za shangazi, nikafikia kwa mtoto wake, na mwezi mzima nilikuwa naitikia "poa" kwa vitu nisivyovielewa. Siku hizi nafundisha Kiswahili na maneno ya mtaani nayaandika kwenye daftari, lakini sehemu kubwa ya ninayoyajua nilifundishwa na binamu yule, tukiwa tumesimama juani Mtaa wa Kongo.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba maneno haya si madoido ya vijana. Kila moja ni mkataba mfupi. Linakuambia mali ni ya nani, wewe unalipwa lini, na siku mambo yakienda kombo hasara inamwangukia nani. Kwa hiyo binamu yako amekutajia mikataba mitatu tofauti kabisa, ila kwa haraka ya mtu aliyechoka na foleni.

Tuanze na yale mepesi. Mishe ni shughuli yoyote ya kukuingizia hela. Neno limetoka kwenye "misheni" ya Kiingereza, na zamani kidogo mtu anayeishi mjini bila kazi inayoeleweka aliitwa misheni tauni, jina lenye harufu ya utapeli ndani yake. "Mishe" limesafishwa, leo hata karani wa benki anasema ana mishe zake za jioni. Ila lina matumizi mengine ya kuyajua: mtu akikujibu "nipo kwenye mishe", amekuambia kwa adabu usiulize zaidi.

Mchongo ni nafasi ya kazi au ya hela ambayo mtu ameitafuta na kuitengeneza, kama fundi anavyochonga mpini. Ndiyo maana binamu yako kasema "nimekuchongea": amezunguka, ameongea na watu, pengine ameomba. Lakini angalia neno linakaa wapi kwenye sentensi. "Nimepata mchongo" ni habari njema. Likija na "wa" mbele yake, maana inageuka kichwa chini miguu juu. Mkataba wa mchongo, daktari wa mchongo, kiwanja cha mchongo, vyote hivyo ni feki. Maana hii imeshika miaka ya karibuni na imewachanganya hata wazee wa mjini. Ukisikia kwamba kuna "ajira ya mchongo", shika mfuko wako.

Dili linakaribiana na mchongo, ila mara nyingi huwa kubwa zaidi, la mara moja, na si lazima liwe halali. Tuliache hapo.

Sasa deiwaka. Hili ni "mfanyakazi wa siku" wa Kiingereza aliyevalishwa kanzu ya Kiswahili. Limekulia kwenye daladala: dereva wa gari akichoka au akitaka kula, anampa usukani mtu anayesubiri kituoni, anampigia tripu mbili tatu, analipwa palepale, anashuka. Hana ajira, hana mwenye gari anayemjua, anajulikana na dereva tu. Nairobi mtu wa namna hiyo kwenye matatu anaitwa skwodi. Kwetu neno likahamia kwenye bajaji na bodaboda.

Usilichanganye na kibarua. Kibarua naye analipwa kwa siku, lakini anauza nguvu zake kwa mwenye kazi: saidia fundi anabeba zege, jioni anapewa chake, mvua isimame isisimame. Neno lenyewe ni barua ndogo, kile kikaratasi alichokuwa akipewa mtu wa kazi ya kutwa enzi hizo kuonyesha kwamba amefanya. Ndiyo maana mtu akifukuzwa kazi, hata kama alikuwa meneja, tunasema kibarua kimeota nyasi. Kibarua ana uhakika wa ujira wake. Deiwaka wa boda hana uhakika huo, na kinachomnyima ni lile neno dogo alilolitaja binamu yako: hesabu.

Hesabu shuleni ni somo. Barabarani ni kiasi maalumu ambacho mwenye chombo anataka kila siku, abiria wawepo wasiwepo. Tuseme hesabu ya pikipiki ni buku teni, yaani elfu kumi. Umeamka saa kumi na moja alfajiri, umeshinda kijiweni, umebeba watu na mizigo, jioni mfukoni una elfu thelathini na nne. Unatoa hesabu elfu kumi. Mafuta lita tatu, tuseme elfu tisa. Umekula mara mbili kwa mama ntilie, elfu nne. Pancha moja, elfu mbili. Umebaki na elfu tisa. Hiyo ndiyo "kinachobaki chako".

Chukua sasa siku ya masika, mvua toka asubuhi. Umeingiza elfu kumi na mbili. Hesabu ni elfu kumi ileile. Mafuta, hata ukijibana, elfu tano. Tayari uko chini kwa elfu tatu na hujaweka kitu tumboni. Hiyo elfu tatu ni deni lako wewe. Mwenye pikipiki amelala nyumbani, kwake hakujanyesha.

Hapa kuna jambo binamu yako hakulisema, nadhani kwa sababu kwake liko wazi. Waendesha boda wengi wana kitu kinachoitwa mkataba. Mwenye hela ananunua pikipiki, anamkabidhi kijana, kijana anapeleka kiasi fulani kila siku kwa miezi waliyokubaliana, na mwisho pikipiki inakuwa yake. Piga hesabu, hii sasa ya shuleni: elfu kumi kwa siku ishirini na sita za mwezi ni laki mbili na sitini. Kwa miezi kumi na mitano inakuwa milioni tatu na laki tisa. Kama pikipiki ilinunuliwa milioni mbili na laki nane, kijana amelipa milioni moja na laki moja kwa kosa la kutokuwa na mtaji siku ya kwanza. Ni ghali, ila mwisho wa safari ana chombo.

Deiwaka hana mwisho wa namna hiyo. Mwenye mkataba anakupa pikipiki jioni akapumzike, au Jumapili akaenda kanisani, na hesabu unayompa inamsaidia yeye kumaliza mkataba wake. Ukifanya udeiwaka miaka mitatu, utakuwa umewalipia watu pikipiki kadhaa na huna hata tairi. Simlaumu anayeanzia hapo, wengi wamepitia. Ninachosema ni kwamba binamu yako amesema deiwaka, hakusema mkataba, na tofauti ya maneno hayo mawili ni pikipiki nzima.

Tuje Kariakoo, maana huko ndiko nilikoishi mimi.

Winga ni yule wa kwenye mpira, anayecheza pembeni karibu na mstari. Si mwenye duka. Si mwajiriwa wa duka. Anasimama nje, anamdaka mteja, anamtafutia anachotaka kwenye maduka anayoyajua yeye, na anachoongeza juu ya bei ya duka ndicho chake. Hicho kinachoongezwa kinaitwa cha juu. Nakuandikia mazungumzo yangu na binamu yangu ya siku ya kwanza kadiri ninavyoyakumbuka, ila bei nimeziweka za siku hizi zikufae.

"Bina," alianza, "unaona watu wangapi hapa?"

"Wengi. Siwezi kuhesabu."

"Wateja ni wachache sana. Wengi ni sisi. Yule mwenye mabegi matatu amekuja kufunga mzigo wa mkoani, ana maduka yake, usimguse. Yule anayetembea haraka ni mwizi au anakimbilia daladala. Mtafute anayetembea polepole halafu anasimama na kuangalia juu kwenye mabango. Huyo hajui anakokwenda. Huyo ndiye wako."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie. Muulize. 'Mama, unatafuta nini nikusaidie?' Akisema viatu vya shule vya mtoto, usimpeleke dukani."

"Nisimpeleke? Sasa atanunuaje?"

Akacheka akanipiga bega. Unajua utani wa mabinamu, hapo aliniita majina ya korosho yote. "Ukimpeleka dukani ataona bei, wewe utakuwa umemsindikiza bure kama mbuzi wa mahari. Msimamishe hapa kivulini. Muulize namba ya mguu. Nenda wewe, leta pea tatu."

"Mwenye duka ananipaje pea tatu na hanijui?"

"Anajua mimi. Ukifika sema umetumwa na mimi. Atakupa bei yake, tuseme ishirini na mbili. Ukirudi kwa mama unaanzia thelathini na tano. Atasema ishirini na tano, mtavutana, mtafika thelathini. Unarudisha pea mbili na elfu ishirini na mbili. Nane yako. Hiyo ndiyo cha juu."

"Huo si wizi, bina?"

Swali hilo lilimkera kidogo, nakumbuka. Akaniambia: "Mama angezunguka jua lote hili na mtoto mgongoni. Mimi nimemletea kivulini, amejaribisha, ameridhika, bei amepanga yeye kwa mdomo wake. Wizi ni kumuuzia kiatu cha karatasi ukamwambia ngozi. Hapo utakuwa unampiga."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Sehemu yake ni kweli. Sehemu nyingine ni kwamba mama hajui kama aliyesimama naye si mwenye duka, na siku akijua, anaudhika. Hapo ndipo uwinga unapoharibikia. Mteja akirudi kesho kiatu kimeachia soli, anakutafuta wewe kwa sura, na mwenye duka anasema hamjui mama huyo. Winga mzuri anakibadilisha kwa hela yake na mama anakuwa mteja wake wa kudumu. Winga mbovu anahamia kona nyingine. Ukitaka kujua umewekwa kwenye mikono ya winga wa aina gani, muulize binamu yako huyo mtu ana miaka mingapi kwenye kona moja.

Halafu usidanganyike na ile elfu nane. Mimi siku yangu ya kwanza niliuza pea moja saa tisa alasiri, cha juu elfu tatu, kwa sababu mama yule alikuwa ameshapita madukani na bei anaijua kuliko mimi. Nauli kwenda na kurudi buku jero, chakula cha mchana buku mbili. Nikarudi nyumbani nikiwa na upungufu wa jero. Lakini angalia tofauti na ile siku ya mvua ya boda: hakuna mtu niliyekuwa namdai wala kunidai. Winga akikosa, amepoteza nauli na sauti. Ndiyo faida yake pekee, na kwa mtu wa wiki mbili mjini ni faida kubwa.

Sasa mali kauli. Hili ndilo neno zito kuliko yote uliyoambiwa, na binamu yako kalitamka mwishoni kama kitu kidogo. Mali ni bidhaa, kauli ni neno la mtu. Mwenye duka anakupa mzigo bila hela na bila karatasi, kwa neno lako tu kwamba ukiuza utaleta. Kuna watu Kariakoo wamejenga nyumba kwa mali kauli. Mimi nusura inivunjie undugu.

Ilikuwa hivi. Baada ya miezi minne ya uwinga nilipewa pea sita za viatu vya ofisini, kila moja kumi na tano, jumla elfu tisini. Nikawa natembeza maofisini upande wa Temeke. Nikauza nne kwa ishirini ishirini, nikashika elfu themanini. Pea mbili nikampa mfanyakazi mmoja aliyesema mshahara ukitoka atalipa, akachukua na ya mdogo wake. Mshahara ukatoka, yeye kahamishwa kituo. Wakati huohuo mimi mfukoni nina elfu themanini, najiona tajiri, nikala, nikanunua vocha, nikatuma kidogo nyumbani. Elfu kumi na mbili ziliondoka bila kelele. Siku ya kurudisha nina elfu sitini na nane, na ninadaiwa tisini.

Ona kosa liko wapi. Kila pea niliyouza ishirini, elfu tano tu ndiyo ilikuwa yangu. Kumi na tano ilikuwa ya mwenye duka, ingawa ilikuwa imekaa mfukoni mwangu. Mtaani kosa hilo linaitwa kula mtaji, na kwenye mali kauli mtaji unaokula si wako. Dawa yake ni ya kizamani: mifuko miwili. Ukipokea ishirini, palepale kumi na tano inaingia mfuko wa nyuma na hautoki huko mpaka dukani.

Nilipokwenda kueleza, mwenye duka hakunifokea. Alimpigia simu binamu yangu. Jioni binamu akatoa elfu ishirini na mbili kimya kimya, halafu akaniambia maneno ambayo bado nayasikia: "Bina, kauli uliyoila haikuwa yako. Ni yangu." Kumbe sikuwahi kupewa mzigo kwa neno langu. Nani alikuwa ananijua Kariakoo? Nilipewa kwa neno lake, la miaka tisa kwenye kona ileile. Kwa hiyo binamu yako anaposema utapewa mpaka mali kauli, anakuambia kwamba yuko tayari kuweka jina lake mezani kwa ajili yako.

Watu wakishaharibu mali kauli ndipo wanakimbilia kausha damu. Hiyo ni mikopo ya haraka ya mtaani, unapewa leo bila maswali mengi, marejesho yanaanza baada ya siku chache, na jina limetolewa na waliokopa wenyewe. Tuseme unachukua laki moja, unatakiwa urudishe laki na thelathini ndani ya mwezi, kwa wiki. Wiki ya kwanza unalipa kwa faida. Wiki ya pili unalipa kwa mtaji. Wiki ya tatu unachukua mkopo mwingine kulipa huu, na wanakuja kubeba godoro. Kama utakwama, afadhali umwambie mwenye mali umekwama kuliko kumlipa kwa hela ya namna hiyo. Yeye anaweza kukupa siku.

Umeandika pia "unapigwa", na naona hukuliwekea maswali, labda ulidhani ni ngumi. Kitenzi hiki mjini kina familia kubwa. Kupiga kazi na kupiga mishe ni kufanya kazi. Kupiga debe ni kuita abiria kituoni, kama anayegonga bati ili asikike, na wanasiasa wakaliazima wakati wa kampeni. Lakini ukimtaja mtu kisha ukanyamaza, "yule alipiga", umesema amekula hela ya watu, na kazi hiyo inaitwa upigaji. Kupigwa, kwa hiyo, ni kutapeliwa au kuuziwa kwa bei ya kijinga. Kupiga mzinga au kumpiga mtu kibomu ni kumwomba hela ghafla, bila yeye kujiandaa. Usimpige binamu yako vibomu mwezi huu, anakulisha.

Majina ya hela yapate leo leo, maana ukikosea moja kwenye mavutano umeuza kwa hasara. Jero ni mia tano. Buku ni elfu moja, buku jero ni elfu moja na mia tano, buku teni ni elfu kumi. Noti ya elfu kumi ikiitwa msimbazi usishangae: ni nyekundu, na Simba ni Wekundu wa Msimbazi, mtaa uleule unaopita Kariakoo. Hela kwa jumla utasikia mkwanja, mshiko, chapaa, mpunga. Dala, yaani shilingi tano, hutaisikia tena sokoni, ila ndiyo iliyozaa jina la daladala, kwa sababu ndiyo ilikuwa nauli.

Na kuna maneno ya siku mbaya, ambayo nayo ni vizuri uyapime. Nimechacha maana yake leo sina kitu, kesho naweza kuwa nacho. Nimefulia ni zito zaidi, mtu alikuwa nacho kikaisha. Vyuma vimekaza si habari ya mtu mmoja, ni hali ya mji mzima, biashara haitembei. Kubangaiza ni kuishi kwa kuokota hiki na kile bila kazi moja. Kupiga pasi ndefu ni kuunganisha mlo: unakunywa chai saa nne, unavuka mchana kama hujauona, unakula usiku. Hilo la mwisho lina aibu ndani yake, watu hulisema kwa kicheko. Binamu yako akikuambia "leo tulipiga pasi ndefu", usicheke sana. Huenda alikuachia wewe chakula.

Kuhusu wewe ungeshika ipi. Una leseni yenye daraja la pikipiki? Unajua njia za kutoka Rangi Tatu mpaka Kongowe usiku bila kuuliza? Kama majibu ni hapana, deiwaka iache kwanza. Ukikamatwa bila leseni utaingia matatani, na ukiangusha abiria ndiyo kabisa. Mimi ningeshika uwinga, miezi mitatu ya kwanza bila mali kauli yoyote, hata wakikubembeleza. Jifunze bei, jifunze maduka, jifunze sura. Na hata lafudhi yako ya kusini usiifiche, neno machinga lenyewe limekuja na watu wa Lindi na Mtwara waliotangulia kutembeza bidhaa mjini hapa. Wateja wengine watasimama kwa sababu wamesikia unaongea kama nyumbani kwao.

Usiku wa leo muulize binamu maswali mawili tu, kwa maneno yake mwenyewe asikie umeanza kuelewa: "Bina, hiyo boda ni udeiwaka tu au kuna mkataba mbele yake? Na huko Kariakoo, nikiharibu, kauli ni ya nani?" La pili atanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Msubiri.